Sinki Likichelewa Kunyonya Maji

Akina mama wengi tunaijua hali hii: mtoto amenawa uso, naye baba anasubiri zamu yake, lakini maji ya kwanza bado yamesimama sinkini yakiwa na utando wa povu. Kabla ya kumwita fundi, tuangalie kwanza kinachoziba.

Katika sinki la kunawia, kizuizi huwa ni nywele na mafuta. Nywele hunasa kwenye msalaba mdogo ulio chini ya mdomo wa sinki. Kisha mafuta ya kupaka na mabaki ya sabuni huzishika, na bonge linakua siku hadi siku. Hapa ndipo wengi wetu hupotea njia: tunamwaga unga na maji ya moto tukitumaini kila kitu kitayeyuka. Maji ya moto hulainisha mafuta, na bikabonati, ile soda ya kuokea mikate, husaidia kusugua utelezi na kupunguza harufu. Lakini hakuna hata kimoja kinachoyeyusha nywele. Nywele hutolewa kwa mkono.

Tuchukue mfano wa nyumba moja yenye wasichana watatu wanaosuka na kufumua nywele karibu na sinki. Sinki lililojaa nusu lilichukua dakika 4 kuisha maji. Mama alipima kwa saa ya ukutani, jambo zuri, maana bila kupima hatujui kama tumefanikiwa.

Alianza na waya. Alinyoosha hanga ya nguo, akakunja ncha yake kwa koleo iwe ndoana ndogo, akaishusha taratibu, akaizungusha na kuivuta. Lilitoka bonge jeusi lenye utelezi, urefu wa kiganja. Alirudia mpaka ndoana ikatoka tupu. Alipopima tena, ilikuwa dakika 2. Basi bado kulikuwa na kitu chini zaidi.

Chini ya sinki kuna kikombe, au bomba lililopinda, ambalo hubakiza maji kidogo ili harufu isipande. Mama aliweka ndoo chini yake, akafungua nati za plastiki kwa mkono kuelekea kushoto, akaweka kando ringi za mpira zisipotee. Ndani mlikuwa na tope la mafuta. Alilikwangua kwa kijiti, akalitia kwenye gazeti na kulitupa takani. Kisha alisugua kikombe kwa mswaki wa zamani na bikabonati iliyoloweshwa kidogo. Akarudisha ringi mahali pake na kukaza nati kwa mkono tu, kwa sababu kukaza kwa nguvu hupasua plastiki. Alimwaga maji na kupitisha karatasi kavu kwenye maungio. Haikulowa, maana yake hakuna panapovuja.

Ndipo ikaja zamu ya maji ya moto. Alimimina nusu kikombe cha bikabonati, akangoja dakika 15, kisha akamwaga polepole lita 2 za maji yenye sabuni ya vyombo. Maji yasiwe yanayochemka, kwani hulegeza mabomba ya plastiki. Changanya maji yaliyochemka na ya bomba sawa kwa sawa. Mwisho alifungulia maji mengi, ili mafuta yaliyolainika yasije yakaganda tena mbele. Kipimo cha tatu kilikuwa chini ya nusu dakika.

Wengine huongeza siki. Povu lake hupendeza macho, lakini siki na bikabonati huuana nguvu, yakabaki maji ya chumvi. Ni afadhali kutumia mpira wa kuzibulia: ziba kwa kitambaa kibichi kitundu kilicho karibu na ukingo wa sinki, kisha sukuma na kuvuta mara kumi au zaidi.

Tahadhari, mama mpendwa. Kama mtu amekwisha kumwaga dawa kali ya kuzibulia, usifungue kikombe wala kusukuma kwa mpira, kwa maana dawa hiyo huchoma ngozi na macho. Usichanganye kamwe dawa ya kung'arisha nguo na siki au asidi. Hutoa hewa ya sumu.

Na kama sinki, bafu na choo vyote vinasuasua pamoja, au maji ya sinki yanachomoza bafuni, kizuizi kiko kwenye bomba kubwa au shimo la nje. Hapo aitwe fundi.

Baada ya hapo, weka kichujio kidogo mdomoni mwa sinki na ukitoe nywele kila jioni. Watoto wachanie nywele mbali na sinki. Mafuta ya kikaango yafutwe kwa karatasi kabla ya kuosha.