Kusimba Upya Video ya Somo la Mfano kwa Simu za Zamani

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hunufaika sana akiliona somo la mfano kwa macho yake. Lakini video iliyopigwa kwa simu mpya mara nyingi haimfikii, au humfikia ikakataa kufunguka. Katika makala haya tutachukua video moja ya dakika 8, ambamo mwalimu anafundisha sehemu kwa Darasa la Nne, tueleze jinsi ya kuisimba upya, yaani kuyageuza maelezo yake ya picha na sauti yawe machache zaidi.

Video yetu ina upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 1080, nayo hutumia kilobiti 17,000 kila sekunde. Dakika 8 ni sekunde 480. Tukizidisha tunapata kilobiti 8,160,000, na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, faili ina megabaiti 1,020. Sasa tuseme mtandao wa mahali alipo mwanachuo hupitisha kilobiti 500 kwa sekunde. Video ikidai zaidi ya hizo itasimama kila mara kungojea, kwa hiyo tunaanza hesabu hapo, wala si kwenye ukubwa wa picha. Mtandao hupanda na kushuka. Yafaa tuache akiba, tutumie kilobiti 400 hivi. Sauti ya mwalimu mmoja hutosheka na 48, na picha tunaipa 350. Faili itakuwa na megabaiti zipatazo 24, au pungufu.

Wengi hupenda kupunguza biti huku wakibakiza nukta zote, wakidhani picha itabaki safi. Matokeo ni kinyume: biti chache zikigawiwa nukta nyingi, picha huvunjika vipande vya mraba kila mwalimu anapotembea. Picha ya nukta 640 kwa 360 ina nukta pungufu mara 9 kuliko ile ya kwanza, na biti zetu huitosha. Tena tunaweza kupunguza fremu kutoka 30 hadi 15 kwa sekunde. Midomo itaonekana kurukaruka kidogo, lakini ubao hautembei, na ubao ndio tunaoutaka.

Hata hivyo kuna hatari moja. Tarakimu iliyokuwa na kimo cha nukta 40 itabaki na 13 tu, na kwenye kioo kidogo 3/8 yaweza kusomwa 3/6. Katika somo la sehemu, hilo ni kosa lisilovumilika! Dawa yake ni kukata kingo kabla ya kupunguza. Ikiwa mwalimu na ubao wamo ndani ya eneo la nukta 1280 kwa 720, tunalibakiza hilo peke yake, tukaacha madawati na dari. Tarakimu itapata nukta 20, bila kuongeza hata biti moja.

Kwa programu ya `ffmpeg`, amri ni hii:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vf "crop=1280:720:320:60,scale=640:360" \
 -r 15 -c:v libx264 -profile:v baseline -level 3.0 \
 -pix_fmt yuv420p -crf 26 -maxrate 350k -bufsize 700k \
 -c:a aac -b:a 48k -ac 1 -movflags +faststart dogo.mp4
```

Namba 320 na 60 zaonyesha umbali wa eneo hilo kutoka kushoto na kutoka juu; kila video itakuwa na zake. `-crf 26` huruhusu sehemu tulivu zitumie biti chache, na `-maxrate` huweka kikomo. `baseline` ni namna nyepesi ya usimbaji wa H.264, ambayo simu nyingi za zamani huimudu.

Imebaki kasha, yaani faili inayofunga picha na sauti pamoja. Tunachagua MP4 kwa sababu hupokelewa karibu kila mahali. Lakini kwa kawaida `ffmpeg` huandika faharasa ya MP4 mwishoni mwa faili, na bila faharasa simu haijui pa kuanzia. `+faststart` huihamishia mwanzoni. Simu kongwe zaidi, zile za vitufe, huenda zikataka kasha la 3GP lenye picha ya nukta 176 kwa 144. Humo maandishi ya ubaoni hayasomeki kabisa, na kwa maoni yetu ni heri kupeleka sauti pamoja na picha chache zisizotembea.

Kazi ifanywe daima kutoka faili ya asili. Nakala iliyokwisha kupitishwa katika simu kadhaa imepoteza mengi, na kuisimba tena ni kuipotezea zaidi.

Kisha ijaribiwe kwenye simu iliyo ya zamani kuliko zote zinazopatikana. Sauti ikisikika bila picha, mara nyingi simu haijui usimbaji huo, nasi tukague `baseline` na `yuv420p`. Video isipoanza mpaka faili yote iishe kupokelewa, tukague `+faststart`. Ikianza vizuri kisha ikakwama kila mara, tushushe `-maxrate` hadi 250k, na `-bufsize` iwe 500k. Na kabla ya kuituma tusome tena kila sehemu iliyoandikwa ubaoni.