Nguzo Inayoning'inia: Kani Zilizomo Ndani ya Kenchi ya Paa

Kenchi ya paa hujengwa kwa pembetatu, na kila mbao iliyomo ama inavutwa ama inagandamizwa. Kuitambua ipi ni ipi kwa macho ni kazi yenye hila. Mbinu ya viungo huondoa kubahatisha: hukishika kiungo kimoja kimoja, ikadai kwamba kani zote zinazokutana hapo zisawazike, kwenda juu na chini, kushoto na kulia. Kiungo kisichosogea hakina namna nyingine.

Mfano unaofaa ni kenchi yenye nguzo ya kati. Upana wake uwe mita 8 kutoka ukuta hadi ukuta, na kimo mita 3. Kila kombamoyo litakuwa na urefu wa mita 5. Ukutani kushoto ni kiungo A, kulia ni B, kileleni ni C. Nguzo ya kati inashuka kutoka C hadi D, katikati ya mbao ya chini. Kutoka D, mishazari miwili inapanda hadi E na F, katikati ya makombamoyo. Papi zinaukabidhi uzito wa bati kwenye viungo E, C na F, kilonyutoni 6 kila kimoja. Hiyo ni karibu uzito wa kilo 600. Uzito ulio juu ya kuta zenyewe hushuka moja kwa moja bila kuipitia kenchi, kwa hiyo hauhesabiwi. Jumla ni 18, na kwa kuwa pande zinalingana, kila ukuta unasukuma juu kwa 9.

Hesabu huanzia kwenye kiungo chenye kani mbili tu zisizojulikana, kwa sababu kiungo kimoja hutoa milinganyo miwili. Hapa ni A. Ukuta unasukuma juu kwa 9, na mbao ya chini imelala, haiwezi kushusha chochote. Kombamoyo peke yake ndilo la kujibu, nalo lazima lisukume chini kwa 9. Katika kila mita 5 za urefu wake linapanda mita 3, hivyo kani iliyomo ni 9 × 5/3, yaani kilonyutoni 15. Mbao inayokisukuma kiungo imegandamizwa. Msukumo huohuo una sehemu ya mlalo, 15 × 4/5, yaani 12, inayotaka kukitupa kiungo nje ya ukuta. Mbao ya chini inakizuia kwa kukivuta ndani: nayo ina mvuto wa 12.

Katika E, sehemu ya chini ya kombamoyo inasukuma juu kwa 9, na papi inashusha 6. Zilizobaki ni sehemu ya juu ya kombamoyo na mshazari. Milinganyo miwili ikitatuliwa pamoja, sehemu ya juu inapata mgandamizo wa 10 na mshazari mgandamizo wa 5. Upande wa F ni vilevile.

Kisha kilele. Makombamoyo mawili yanakisukuma C juu, kila moja kwa 6, jumla 12. Papi ya kileleni inashusha 6 tu. Pamebaki 6 za kwenda juu zisizo na mpinzani, na ni nguzo ya kati pekee inayoweza kuzivuta chini. Nguzo hiyo basi inavutwa! Ina umbo la mhimili unaobeba kilele, lakini kazi yake ni kuning'inia kutoka kileleni na kuishika D, ambako mishazari miwili inasukuma chini kwa 3 kila mmoja. Hesabu ya D inathibitisha: 6 kwenda chini, 6 kwenda juu.

Jibu hili hubadilisha uundaji. Fundi anayedhani nguzo imegandamizwa huikalisha juu ya mbao ya chini na kuigongea misumari miwili ya kuishikilia isiteleze. Mzigo ukija, kiungo kinafunguka, mishazari inaikalia mbao ya chini, nayo inapinda. Nyufa za mwanya kati ya nguzo na mbao ni dalili ya mapema. Kinachohitajika ni kipande cha chuma au bolti zinazoshika pande zote mbili. Kadhalika, mbao ya chini ikiungwa katikati, kiungo hicho hupitisha kilonyutoni 12 za mvuto, kwa hiyo mbao mbili kugusana ncha hakutoshi. Zilizogandamizwa zina hatari nyingine: mbao ndefu na nyembamba hupinda pembeni kabla ya kuvunjika, na ndiyo maana ufupi wa mshazari una faida.

Mbinu hii inachukulia kwamba mizigo yote iko viungoni. Papi iliyowekwa kati ya A na E hulipinda kombamoyo, na mpindo huo huhesabiwa kando. Upepo nao una hesabu yake: ukilifyonza paa la bati jepesi kupita uzito wake, mbao ya chini inaweza kugeuka kutoka mvuto hadi mgandamizo, na A na B zikataka kunyanyuka ukutani. Kwa hiyo viungo hukokotolewa mara ya pili kwa hali hiyo, na kenchi hufungwa kwenye ukuta kwa vyuma vinavyoweza kuvutwa.