Sifa Zinazosemwa Mezani

Mgeni akikuta watu wanakula, huambiwa "karibu". Naye hujibu, "Ahsanteni, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tangu asubuhi hajaweka kitu mdomoni. Mwenyeji mwenye adabu haliamini jibu hilo. Anasogeza mkeka, ananawisha mikono, anasisitiza: "Basi onja hata tonge moja." Mgeni anakaa, na anakula vizuri.

Maneno ya mgeni hayakuwa kweli, lakini nani amedanganywa? Hakuna. Kila mmoja anajua kwamba kukataa mara ya kwanza ni haya tu, na kwamba jibu lenyewe litakuja mwaliko ukirudiwa. Salamu nazo ni hivyo hivyo. Mtu mwenye mguu uliofungwa bendeji husema "sijambo" kwanza, halafu ndipo anaongeza, "ila huu mguu tu." Anampa mwenzake nafasi ya kusalimu kabla hajamtwisha habari za maumivu. Wanaoziita desturi hizi unafiki wanazionea. Desturi ya aina hii haimpotoshi mtu, kwa sababu wote wawili wanaijua.

Ugumu unaanza pale ambapo mmoja anasema kwa adabu na mwingine anasikia kwa imani. Tumchukue mama anayeoka keki nyumbani. Kila sherehe ya familia keki ni yake, na kila mara wanaokula wanamwambia, "Tamu kweli, dada, ungeuza wewe!" Keki zake zina ladha nzuri, ila ni kavu. Kila mmoja mezani anameza kipande kwa msaada wa chai, na hakuna anayelisema hilo, maana wamemwona akihangaika jikoni tangu alfajiri. Kumkosoa mbele ya wageni kungekuwa kumvunjia heshima.

Baada ya kuzisikia sifa hizo kwa muda mrefu, anakopa kwenye kikoba na kununua jiko kubwa la kuokea. Wateja wa kwanza ni ndugu na marafiki. Wananunua, wanasifu, wanatuma picha. Wakati wa kuagiza tena ukifika, wanaagiza kwingine. Naye anapunguza bei, anabadilisha mapambo, anaanza kushuku kwamba kuna jirani anayemharibia. Rejesho la mkopo linadaiwa kila wiki. Wale waliomsifu sasa wanaona aibu zaidi kusema, kwa sababu wakisema leo itabidi waeleze walinyamaza kwa nini.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Keki hukauka mara nyingi kwa sababu imekaa jikoni kupita kiasi, au kwa sababu unga umeshindiliwa kwenye kikombe cha kupimia ukazidi. Dawa yake ni kupima unga kwa mizani, na kuchoma keki kwa kijiti dakika kadhaa kabla ya muda uliozoeleka. Kijiti kikitoka na chembe chache laini zilizoiva, bila uji mbichi, itolewe. Mtu angeweza kumwambia hayo wakati wa kuosha vyombo, wakiwa wawili tu.

Kwa nini hakuambiwa? Mwaka 1996 wanasaikolojia wa Marekani Bella DePaulo na Kathy Bell waliandika juu ya jaribio linalolijibu swali hili vizuri kuliko mengi ninayoyajua. Watu walichagua michoro waliyoipenda na wasiyoipenda, kisha wakaijadili na mwanafunzi wa sanaa. Baadhi ya michoro, mwanafunzi aliwaambia, alikuwa ameichora mwenyewe. Walipofika kwenye mchoro wasioupenda ambao ni kazi ya mikono yake, ukweli ulipungua. Waliotaja wazi kwamba hawaupendi walikuwa wachache kuliko pale mchoro ulipokuwa wa mtu mwingine. Kwa hiyo ukweli unatoweka zaidi pale ambapo mhusika anaijali sana kazi yake, na mara nyingi hapo ndipo anapouhitaji.

Watafiti wengine wawili, Emma Levine na Maurice Schweitzer, walichunguza uongo wa huruma unafanya nini kwenye imani. Majibu yao yaliyochapishwa mwaka 2015 yana pande mbili. Mtu aliyedanganya ili kumnufaisha mwenzake aliaminiwa zaidi kwa wema wake, kiasi cha kukabidhiwa fedha. Lakini ilipohusu kuamini maneno yake, imani ilishuka. Ndivyo ilivyo kwa jamaa za mpishi wetu. Akiugua atawaita wao, na watakuja. Lakini akitaka kujua kama keki mpya imekaa sawa, hatawauliza tena, au atawauliza bila kuyategemea majibu yao.

Dalili za mmomonyoko huu zinaonekana ukiziangalia. Mtu anauliza swali lile lile mara ya pili, akiongeza "niambie ukweli wako." Anamtuma mwingine akuulize. Anaipokea sifa yako kwa tabasamu fupi, kisha anageuza mazungumzo. Bado anakupenda, ila hakuombi tena maoni.

Mafundisho ya Uislamu, ambayo yamelea adabu ya watu wengi wa Pwani, yameligusa jambo hili kwa makini. Hadithi iliyopokewa na Ummu Kulthum inasema kwamba anayewapatanisha watu kwa kufikisha maneno mema hahesabiwi mwongo, na katika mapokezi ya Muslim yanatajwa pia maneno ya mume na mke wao kwa wao. Imamu Nawawi, akiifafanua, alieleza kwamba ruhusa hiyo ni ya maneno ya mapenzi. Kumhadaa mwenzako ili umnyime haki yake, au uchukue kisicho chako, ni haramu kwa makubaliano ya wanazuoni. Mume anaweza kumwambia mkewe kwamba hakuna mzuri kama yeye. Hawezi kumficha kwamba nyumba wanayoishi imewekwa rehani.

Kipimo hicho kinanitosha mimi hata nje ya ndoa: je, kuna uamuzi ambao mtu huyu ataujenga juu ya neno langu, na je, bado ana nafasi ya kubadilisha kitu? Bibi harusi anayeuliza kuhusu gauni akiwa mlangoni, gari likimsubiri, aambiwe amependeza. Akiuliza fundi angali na sindano mkononi, aambiwe kwamba bega moja limepanda. Heshima ni ile ile, wakati ndio uliobadilika.

Namna ya kusema ina uzito wake. Usimwambie mbele za watu. Taja kilicho kizuri kwa kweli, si cha kubuni, kisha taja kasoro moja inayorekebishika na uiseme kama ilivyo: "Ladha umeipatia, ila imekauka, jaribu kuitoa mapema." Watu wengi huogopa mazungumzo haya kuliko yanavyostahili. Levine na Taya Cohen waliwataka watu wawe wakweli kwa kila waliyezungumza naye kwa siku tatu. Katika utafiti huo wa mwaka 2018, washiriki waliona siku hizo kuwa za furaha na ukaribu zaidi ya walivyotabiri wale walioombwa kuzikisia tu.

Kama yuko ndugu au rafiki anayejiandaa kukopa, kuacha kazi au kufungua duka kwa kuzitegemea sifa ulizompa wewe, nawe moyoni unajua ulizitia chumvi, mpigie simu kabla hajatia saini.