Mteja akisema "nimepata kwingine"

Seremala amepima jiko, akapiga hesabu ya kabati kwa shilingi 2,400,000. Siku ya tatu simu inalia: "Asante fundi, nimepata kwingine."

Hapo wengi hukosea kwa kujibu haraka, "Basi nipe milioni mbili." Mteja anajiuliza hizo laki nne zilikuwa za nini, na bei yako ijayo hataiamini. Swali la "Kwa nini?" nalo humfanya ajitetee, au anyamaze.

Jibu siku hiyohiyo, kwa ujumbe mfupi asiolazimika kuujibu:

"Asante mama kwa kunijulisha, na nakutakia kazi njema. Naomba unisaidie jambo moja ili nijirekebishe: kilichokukwamisha ni bei, muda au aina ya mbao? Ukihitaji fundi baadaye, vipimo vya jiko lako ninavyo."

Swali lenye machaguo matatu hujibiwa kwa neno moja. Neno hilo mara nyingi huwa "bei", lakini lipokee kwa uangalifu. Huenda wewe ulipiga hesabu ya mninga, mwenzako akapiga ya emdiefu, na karatasi yako haikuonyesha tofauti hiyo. Basi kasoro iko kwenye karatasi: wakati mwingine andika bei mbili, kila moja na mbao yake.

Akijibu, mshukuru tu, usibishane. Andika sababu kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha mjulie hali baada ya miezi miwili. Fundi aliyechukua kazi huenda hajaimaliza.