Gesi Isiyo na Chupa

Kwenye meza ya maabara kuna chupa mbili, moja ya myeyusho wa sodiamu thayosalfeti na nyingine ya asidi hidrokloriki nyembamba. Pembeni kuna bika, silinda ya kupimia, saa, na karatasi nyeupe iliyochorwa X kwa wino mweusi. Wanafunzi wengi wa kemia wa kidato cha nne hukutana na jaribio hili wanapojifunza kasi ya mmenyuko. Bika huwekwa juu ya X, thayosalfeti humiminwa ndani, asidi huongezwa na saa huanza kuhesabu. Taratibu myeyusho hupauka, kisha hugeuka maziwa yenye unjano, na mwanafunzi aliyeinama kuchungulia kutoka juu husimamisha saa pale X inapotoweka.

Kabla hajainama, mwanafunzi makini husoma lebo. Chupa ya thayosalfeti haina alama ya hatari. Asidi ya 1 M nayo imeshapunguzwa makali kiasi cha kutolazimika kubeba alama ya kuunguza ngozi, ingawa tone lake likiingia jichoni litachoma vikali. Ni rahisi basi kuona jaribio zima ni la salama, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Lebo hueleza kilichomo ndani ya chupa. Haisemi lolote kuhusu kitakachozaliwa vitu viwili vikikutana:

Na₂S₂O₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + SO₂ + S

Herufi ya mwisho, S, ni salfa, ile chembechembe ya njano inayoficha X. Lakini kabla yake ipo SO₂, salfa dayoksaidi, gesi ambayo hakuna aliyeileta mezani. Kama ingeletwa kwenye mtungi wake, ungekuwa na alama tatu: fuvu la kichwa juu ya mifupa miwili kwa sababu ni sumu ikivutwa, matone yanayokula mkono na chuma kwa sababu inaunguza, na mtungi kwa sababu imeshindiliwa. Alama hizi huchorwa kwa rangi nyeusi ndani ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye ukingo mwekundu. Ni mfumo ambao Umoja wa Mataifa uliuchapisha mwaka 2003. Maabara nyingi bado zina chupa au mabango ya zamani yenye miraba ya rangi ya machungwa, kwa hiyo mwanafunzi inampasa azitambue zote mbili.

Kazi ya tathmini ya vihatarishi ni kuitafuta gesi hiyo kwenye karatasi kabla haijaonekana kwenye bika. Nani anaweza kudhurika, kwa kiasi gani, na nini kifanyike? Swali la kiasi ndilo huachwa mara nyingi, ilhali hesabu yake ni ya kidato cha nne.

Chukua kundi moja linalorudia jaribio mara tano, likitumia thayosalfeti ya 0.1 M kwa mililita 50, 40, 30, 20 na 10, huku maji yakijaziwa kila mara hadi 50, na asidi mililita 10 kila awamu. Jumla ya thayosalfeti ni mililita 150, yaani moli 0.015. Kila moli ya thayosalfeti hutoa moli moja ya gesi, na moli moja ya gesi katika joto la kawaida la chumba huchukua takriban lita 24. Kundi hilo linaweza kutoa lita 0.36, na makundi kumi lita 3.6.

Sasa kipime chumba. Maabara ya mita 10 kwa 8, yenye kimo cha mita 3, ina lita 240,000 za hewa. Gesi yote ikitoka na madirisha yakiwa yamefungwa, hewa itakuwa na sehemu 15 za salfa dayoksaidi katika kila sehemu milioni. Uingereza imeweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni kwa mfanyakazi anayeivuta kwa dakika 15. Ni kweli gesi nyingi hubaki imeyeyuka ndani ya bika, kwa hiyo 15 ni hesabu ya hali mbaya kabisa. Hata hivyo, uso wa mwanafunzi hauko katikati ya chumba. Umeinama juu ya bika, mahali gesi inapotokea.

Mwenye pumu ndiye wa kufikiriwa kwanza, kwa kuwa salfa dayoksaidi hubana njia za hewa, na kwake kiasi kidogo chatosha. Dalili hazifichiki: harufu kali kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, koo kuwasha, kikohozi, kifua kubana. Huyo apewe kazi ya kushika saa karibu na dirisha, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si bwenini.

Hatua yenye nguvu kuliko zote ni kupunguza vipimo. Thayosalfeti ya mililita 10 badala ya 50, asidi 2 badala ya 10, na gesi inashuka hadi sehemu moja ya tano. Wapo watakaosema X haitafichika vizuri. Itafichika, mradi chombo kiwe chembamba ili kina cha myeyusho kisipungue, na chombo hicho hicho kitumike awamu zote. Miwani ya kinga inahitajika, lakini hulinda macho peke yake. Mapafu yanalindwa na kipimo kidogo na hewa inayopita.

Jaribio hili lina toleo la pili, la kupima athari ya joto, na hilo ni gumu zaidi. Gesi huyeyuka kidogo katika maji ya moto, hivyo huponyoka haraka. Thayosalfeti ipashwe peke yake ndani ya chombo cha maji ya moto, isizidi nyuzi 60, kisha asidi iongezwe baada ya kuondolewa motoni. Mchanganyiko wenyewe haupashwi kamwe.

Orodha ya mwanafunzi, iliyonakiliwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la vitendo, inaweza kusomeka hivi:

☐ Nimeandika mlinganyo na kuzungushia duara kila kinachozaliwa, si kinachomiminwa tu.

☐ Nimesoma ukali wa asidi kwenye lebo. Chupa isiyo na lebo naipeleka kwa mwalimu, siinusi.

☐ Madirisha na milango ya pande mbili iko wazi.

☐ Mwenye pumu amejulikana na amekaa upande unakotoka upepo.

☐ Miwani imevaliwa tangu chupa ya kwanza kufunguliwa hadi ya mwisho kufungwa.

☐ Naitazama X nikiwa nimesimama wima, uso mbali na mdomo wa chombo.

☐ Najua bomba lilipo, au dumu la maji safi lenye koki. Asidi ikiingia jichoni, maji yatiririke kwa dakika 20 huku mwenzangu akimwita mwalimu.

☐ X ikitoweka tu, namimina kwenye ndoo ya magadi.

Ndoo hiyo inastahili maelezo. Bika zilizokwisha kutumika zikiachwa mezani huendelea kutoa gesi kipindi kizima. Sodiamu kaboneti, kemikali iliyomo kwenye magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, huua asidi na kuifunga salfa dayoksaidi iliyoyeyuka. Myeyusho wake huwekwa kwenye ndoo pamoja na matone machache ya fenolfthalini, ukawa wa waridi. Ndoo isibanwe kwa mfuniko, kwani hutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi. Rangi ya waridi ikififia, magadi yamekwisha nguvu, na mengine huongezwa kabla kundi linalofuata halijamimina.