Je, Ndani ya Mchezo wa Fedha Kuna Riba?

Waamini wengi wa Dodoma, hasa akina mama wa jumuiya ndogondogo, hucheza upatu, na wengi hujibu kwa uhakika kwamba hauna riba, kwa kuwa kila mmoja hutoa na kupokea kiasi kilekile. Jibu hilo ni kweli mpaka pale mtu anaponunua zamu ya mwenzake.

Tuchukue kikundi cha watu kumi, kila mmoja akimpa kijumbe shilingi 50,000 kwa mwezi kuanzia Januari. Kila mwezi mmoja hupokea 500,000. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa. Wa kumi amewakopesha wote bila nyongeza. Vikundi vyenye busara hugeuza mpangilio katika mzunguko unaofuata, na aliyetangulia huwa wa mwisho.

Sasa mkulima wa zabibu mwenye zamu ya nane, yaani Agosti, anauguliwa na mtoto mwezi Februari. Mwenye zamu ya pili anakubali kubadilishana naye kwa shilingi 40,000, zinazokatwa papo hapo. Watu huiita “asante”. Lakini mkulima ameshika 460,000 Februari, na kwa ajili hiyo ameachia 500,000 za Agosti. Amelipa 40,000 kwa kutumia 460,000 miezi sita: karibu asilimia 8.7, au takriban moja na nusu kwa mwezi. Hiyo ni riba, hata kama hakuna aliyeitamka.

Jambo linalofichika ni umbali wa zamu. Kama mkulima angekuwa na zamu ya tatu, “asante” ileile ya 40,000 ingenunua mwezi mmoja tu, na asilimia 8.7 ingekuwa ya mwezi huo mmoja. Vikundi vinavyoweka bei moja kwa kila mabadilishano humtoza zaidi yule anayesogea kidogo, na mara nyingi wanachama hawatambui, maana wanahesabu shilingi bila kuhesabu miezi.

Je, mwuza zamu ametenda dhambi? Papa Benedikto XIV, katika waraka Vix pervenit wa tarehe 1 Novemba 1745, alikataza kudai nyongeza kwa sababu tu ya mkopo wenyewe, ila alikiri kwamba zinaweza kuwepo sababu nyingine za haki, zilizo nje ya mkopo. Ikiwa mwuza zamu alikusudia kununua alizeti Februari ili aiuze baadaye, na sasa anaikosa faida hiyo, kufidiwa kwake kuna msingi. Ikiwa fedha zingelala tu nyumbani, sioni anafidiwa nini, isipokuwa ugonjwa wa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo, kabla ya mzunguko kuanza, kikundi kiandike ukomo wa fidia kwa kila mwezi wa kusogea, na kiache zamu za dharura zibadilishwe bure.