Fahamu: Kwa nini televisheni ya chogo haivunjwi
Muokota vyuma chakavu akipata televisheni ya chogo, huipasua kwa nyundo ili ang'oe waya wa shaba uliozungushwa shingoni mwa kioo. Shaba huuzwa, vioo hubaki jalalani. Hapo ndipo penye hatari. Kioo cha nyuma kina madini ya risasi, na seti kubwa huweza kubeba zaidi ya kilo 1. Vipande vikinyeshewa, sumu huingia udongoni polepole. Unga uliopakwa ndani ya skrini nao hupeperuka na kuvutwa puani.

Televisheni bapa pia zina hatari: za LCD za zamani, zisizotumia taa za LED, zina mirija myembamba yenye zebaki.

Televisheni yako iwe ya chogo au bapa, usiifungue, usiivunje. Ukiwa Nairobi, ipeleke nzima kwenye kituo cha taka za kielektroniki cha WEEE Centre. Piga simu kwanza uulize gharama.